Tarehe Isiyo na Jina la Mwezi: Uhakiki wa Usemi "Muda Umekwisha"

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki usemi mfupi unaotokea mara kwa mara katika programu za kompyuta zilizofasiriwa kwa Kiswahili: "Muda umekwisha." Kisarufi usemi huu hauna ila. Ila yake ni kwamba unatoa hukumu bila kutaja tarehe iliyohukumiwa, na kwa hiyo humnyima msomaji njia ya kugundua kwamba mashine imeisoma tarehe visivyo.

Tuchukue mfano wa kubuni, ambao hatua zake zaweza kutokea katika ofisi yoyote. Tuseme ofisi moja mjini Bukoba inapokea maombi ya miche ya kahawa kutoka kwa wakulima wa mkoa wa Kagera. Tangazo limetumwa Muleba, nalo lasema: "Mwisho wa kupokea maombi: 05/12/2024." Kikundi cha wakulima huko Kamachumu kinalisoma tangazo kama ilivyo desturi yetu, yaani tarehe tano mwezi wa kumi na mbili, nacho kinakusanya majina bila haraka. Huko Bukoba, karani ameingiza tarehe hiyo hiyo, kwa tarakimu zile zile, katika programu yenye kazi inayojiendesha kila usiku. Kazi hiyo hulinganisha siku ya mwisho na siku ya leo. Siku ya mwisho ikiwa imepita, maombi hufungwa.

Usiku wa tarehe 20 Novemba 2024 kazi inaendeshwa. Kwa kuwa programu imepangwa kwa desturi ya Marekani, ambayo hutanguliza mwezi, inasoma 05 kuwa Mei na 12 kuwa siku. Kwa wakulima zimebaki siku 15. Kwa mashine zimepita siku 192. Asubuhi katibu wa kikundi anapata jibu: "Muda umekwisha." Anadhani kwamba ndiye aliyechelewa. Karani wa Bukoba naye anaona maneno yale yale, wala hana sababu ya kuyatilia shaka.

Jambo hili si la kudhaniwa tu. Hifadhi ya data iitwayo PostgreSQL, isipopewa mpangilio mwingine, hutanguliza mwezi. Msomaji mwenye nafasi aweza kujaribu amri hizi:

```
SET DateStyle = 'ISO, MDY';
SELECT DATE '05/12/2024' < DATE '2024-11-20';
```

Jibu litakuwa kweli, yaani siku ya mwisho imekwisha kupita. Herufi `MDY` zikibadilishwa kuwa `DMY`, jibu litakuwa si kweli. Tarakimu ni zile zile. Kilichobadilika ni desturi ya kuzisoma.

Yafaa tueleze kwa nini kosa hili hukaa muda mrefu bila kuonekana. Tarehe ambayo siku yake ni 13 au zaidi haiwezi kugeuzwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu. Hapo PostgreSQL hulalamika na kosa hujulikana mara moja. Zinazobaki ni siku 12 za kwanza za kila mwezi, yaani tarehe 144 kwa mwaka. Kati ya hizo, 12 hazidhuriki, kama vile 07/07. Katika 132 zilizosalia, nusu husogezwa mbele na nusu hurudishwa nyuma. Siku ya mwisho ya 02/01, yaani tarehe mbili Januari, husomwa kuwa tarehe mosi Februari. Mwombaji huongezewa mwezi mzima, wala hakuna anayelalamika. Tarehe za Januari haziwezi kurudishwa nyuma kamwe, ilhali za Desemba, tangu tarehe 1 hadi 11, zote hurudishwa. Programu iliyojaribiwa mwanzoni mwa mwaka yaweza basi kusifiwa, kisha ikawafungia watu mlango mwishoni mwa mwaka.

Sasa turejee kwenye lugha, maana ndiko hasa kuliko na shughuli yetu. Mswahili anaposema "tarehe tano mwezi wa kumi na mbili" huipa kila namba jina lake. Hata akigeuza mpango na kusema "mwezi wa kumi na mbili, tarehe tano", maana haipotei. Mkwaju ulioingia baina ya tarakimu umeyafuta majina hayo, na mahali pake mashine huweka desturi iliyopangiwa na mtengenezaji.

Wafasiri wamejaribu kuziba pengo hili kwa kuweka herufi za kuongoza kando ya nafasi ya kujazia. Hapo ndipo Kiswahili kinapoleta tatizo lake chenyewe, kwa sababu mwezi na mwaka yote mawili huanza na herufi M. Mwongozo kama "SS/MM/MMMM" humtaka msomaji ahesabu herufi ili atambue mwezi ni upi. Wengine huandika "Tarehe/Mwezi/Mwaka", lakini neno tarehe lina kazi mbili: hutaja namba ya siku katika mwezi, na hutaja pia siku, mwezi na mwaka kwa pamoja. Fomu yenye kichwa "Tarehe" na ndani yake nafasi nyingine ya "tarehe" inalitumia neno moja kwa maana mbili katika mstari mmoja. Kwa nafasi ya namba tunaona neno "siku" lafaa zaidi, na "tarehe" libaki kuwa jina la mkusanyiko wote.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo matatu. Kwanza, matangazo na fomu za kusomwa na watu ziandike mwezi kwa jina: 5 Desemba 2024. Pili, tarehe inayopelekwa kwa mashine iandikwe kwa mpango wa kimataifa wa ISO 8601, uliotolewa mwaka 1988, ambao hutanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2024-12-05. PostgreSQL huusoma mpango huu kwa namna moja tu, hata mpangilio wake uwe upi. Tatu, mfasiri asikubali "Muda umekwisha" peke yake. Na aandike: "Maombi yalifungwa tarehe 12 Mei 2024." Katibu wa Muleba akisoma hivyo mwezi Novemba, atajua papo hapo kwamba kosa si lake, kwa kuwa tangazo alilonalo halikutaja Mei.

Hatuna budi kuongeza onyo moja. Kusahihisha mpangilio leo hakuponyi tarehe zilizokwisha kuhifadhiwa. Mashine ikishaandika 12 Mei, haina kumbukumbu kwamba ilipewa 05/12, nayo 12 Mei ya kweli hufanana nayo kabisa. Dalili ya kutafuta ni hii: mkitazama orodha ndefu ya tarehe zilizohifadhiwa mkakuta hakuna hata siku moja inayozidi 12, yamkini zimegeuzwa, na zile zilizozidi 12 zilikataliwa mlangoni. Hapo dawa ni kurudia karatasi za awali na kulinganisha moja moja. Ofisi iliyotupa karatasi zake haitakuwa na pa kurejea. Na hiyo ndiyo sababu tunawasihi wafasiri waandike jina la mwezi mapema, kabla karani hajagusa mashine.