Kadi ya Kijivu Pembeni ya Fremu

Kobe wa udongo anavuka meza kwa sekunde 10. Kwa picha 12 kila sekunde, hizo ni picha 120, zote zimepigwa kwa simu iliyofungwa kwenye stendi, na baada ya kila picha mkono umeingia ukamsogeza kobe milimita chache. Picha zikiunganishwa kobe anatembea vizuri, ila ukuta ulio nyuma yake unachezacheza, mara umeng'aa, mara umefifia. Wengi hapo hukimbilia programu ya kusafisha video. Mimi naona ni lazima kwanza ujulikane mchawi ni nani, maana wako kadhaa na dawa zao si moja.

Wa kwanza ni simu yenyewe. Ikiachiwa, hupima mwanga upya kwa kila picha, na kobe mweusi akikaribia katikati huongeza mwanga wa picha nzima. Kwa hiyo kipande hiki kilipigwa upya kwa Open Camera, na ISO, shata, rangi ya mwanga na fokasi vyote vikawekwa kwa mkono. HDR nayo ilizimwa. Hii husahaulika sana: hata ukifunga ISO na shata, HDR bado hung'arisha sehemu za giza kwa hesabu mpya kila picha.

Wa pili ni umeme. Kwetu Afrika Mashariki umeme ni wa Hz 50, na balbu nyingi za bei nafuu hupanda na kushuka mwanga mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/125 ni fupi kuliko wimbi moja, hivyo picha moja hudaka kilele na nyingine hudaka bonde. Wakati mwingine hutokea mistari ya giza, kwa sababu simu husoma picha mstari kwa mstari. Shata ya 1/50 hubeba mawimbi mawili kamili, ya 1/25 manne, na tofauti inapotea. Kobe hasogei wakati wa kupigwa, kwa hiyo shata ya polepole haina hasara yoyote: hapa ilitumika 1/25 na ISO 100. Picha zilipigwa kwa kitufe cha sauti cha hedifoni ili simu isiguswe.

Wa tatu ni dirisha na mtu. Pazia zito lilifungwa, taa mbili zikabaki mahali pamoja, na mpigaji akavaa nguo nyeusi na kurudi kusimama palepale kabla ya kila picha. Shati jeupe karibu na meza ni taa ya tatu.

Kisha ikaja kadi ya kijivu, kipande cha karatasi ngumu kilichobandikwa kwenye kona ya juu kushoto ya fremu, ambayo kobe hafiki. Kadi haisogei wala haibadiliki, kwa hiyo mwangaza wake ukibadilika, ni mwanga au kamera iliyobadilika. Picha zikipewa majina kobe_0001.jpg na kuendelea, amri hii hukata eneo la kadi na kuandika wastani wa mwangaza wake kwa kila picha:

```
ffmpeg -framerate 12 -i kobe_%04d.jpg -vf "crop=200:200:50:50,signalstats,metadata=print:key=lavfi.signalstats.YAVG" -f null -
```

Tuseme namba zinakaa 118, picha ya 37 inaanguka hadi 109, kisha zinarudi 118. Hicho huenda ni kivuli cha mtu, na kama kimefunika fremu nzima, inatosha kuirekebisha picha hiyo moja hadi kadi isome 118. Zikishuka taratibu kutoka picha ya 80, tazama pazia au taa iliyopata joto. Zikirukaruka juu na chini mfululizo, rudi kwenye shata na HDR. Udhaifu wa kadi ni kwamba kivuli kinaweza kumwangukia kobe bila kuigusa, kwa hiyo iwe karibu na tendo kadiri fremu inavyoruhusu. Mwishoni kona hiyo hukatwa.

Marukaruka madogo ya picha nzima ndiyo kazi halisi ya kichujio hiki:

```
ffmpeg -framerate 12 -i kobe_%04d.jpg -vf "deflicker=size=5,scale=1920:-2" -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p kobe.mp4
```

Hulinganisha mwangaza wa kila picha na wastani wa kundi la picha 5, kisha huipandisha au kuishusha yote kwa kiasi kimoja. Kwa sababu hiyo hakiondoi kivuli cha upande mmoja, hakirekebishi rangi iliyohama, na mteremko wa polepole kinauacha upite. Kibaya zaidi, hakijui kobe ni nani. Kapu jeusi likitokea ghafla mbele ya kamera, wastani huanguka, nacho hufifisha ukuta uliokuwa sawa kabisa. Ikitokea hivyo, pima kadi tena kwenye kobe.mp4 kabla kona haijakatwa, ukibadilisha namba za crop zifuate ukubwa mpya wa picha. Kama imeruka ilhali kwenye picha za awali ilitulia, ondoa kichujio kwenye sehemu hiyo.