Kuuza haki ya kununua hisa za dhahabu

Soko la Hisa la Dar es Salaam halina opsheni, kwa hiyo mwenye hisa nyingi za CRDB au NMB hawezi kuuza haki ya kuzinunua. Anayeweza ni yule mwenye hisa zinazouzwa New York, mfano AngloGold Ashanti, mmiliki wa mgodi wa Geita.

Tuchukue mfano wa mhandisi wa Dodoma aliyestaafu, ambaye karibu akiba yake yote ni hisa 2,000 za kampuni hiyo, bei ikiwa dola 24. Hataki kuziuza zote. Anauza opsheni 10, kila moja ya hisa 100, zinazompa mnunuzi haki ya kuzichukua kwa dola 27 kila moja ndani ya siku 45. Kwa kila hisa anapokea senti 80, jumla dola 800. Nusu nyingine ya hisa haiguswi.

Bei ikibaki chini ya 27, opsheni zinakufa na fedha ni zake. Ikishuka hadi 18, amepoteza dola 12,000, na zile 800 hazizibi hata sehemu moja kati ya kumi. Hapo ndipo wengi wanapokosea: opsheni hizi si bima. Hatari ya kutegemea kampuni moja inabaki palepale.

Mwaka 2025 ulionyesha upande wa pili. Dhahabu ilivuka dola 3,000 kwa wakia mwezi Machi, ikafika 4,000 mwezi Oktoba, na hisa ya AngloGold ikapanda zaidi ya maradufu. Mhandisi wetu, bei ikifika 37, analazimika kuachia hisa 1,000 kwa 27. Akizing'ang'ania, itambidi azinunue tena zile opsheni kwa takriban dola 10 kila hisa, yaani dola 10,000 taslimu, ilhali aliingiza 800. Wengi hulipa, kisha huuza nyingine za bei ya juu zaidi na za muda mrefu zaidi, na deni linasogea nao.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, swali la kwanza si opsheni ipi inalipa zaidi, bali kwa bei gani mwenye hisa angefurahi kupunguza mzigo wake. Akijibu 27, kuchukuliwa hisa ni mpango uliotimia: dola 27,000 na zile 800 zinaingia, naye anazitawanya kwingine, hatifungani za serikali zikiwemo.

Aangalie pia tarehe ya gawio. Mwaka 2025 AngloGold ilianza kulipa gawio la msingi la senti 12.5 kila robo mwaka. Bei ya hisa ikiwa imeipita ile ya opsheni, na thamani ya muda iliyosalia ikiwa senti 5 tu, mnunuzi ana sababu ya kudai hisa siku moja kabla hazijaanza kuuzwa bila haki ya gawio. Muuzaji hukuta hisa zimeondoka mapema, na gawio nalo.