Namna ya Kuutambua Mkataba Uliobeba Mabaki ya Mteja Aliyepita

Katika Kisesa, ambako barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma imewavuta wanunuzi wengi wa viwanja, aghalabu mkataba wa mauziano hauandikwi upya tangu mwanzo; karani wa steshenari hufungua faili la mteja aliyetangulia, akaandika majina mapya juu ya yale ya zamani, kisha akachapa. Desturi hii haina aibu, kwani hata mawakili hurithishana mifano mizuri ya hati. Lakini umahiri wa karani hudhihirika katika jambo moja tu, nalo ni iwapo mteja wa jana ameondoka kabisa katika hati ya leo.

Ukurasa wa kwanza, penye majina ya muuzaji na mnunuzi, karibu kila mara huwa safi, maana ndipo jicho la karani lilipotua. Kwa hiyo mwenye kutaka kuujua ubora wa hati asiuhukumu kwa ukurasa huo, bali aanzie nyuma, kwenye saini za mashahidi, akirudi ibara baada ya ibara. Tuseme, kwa mfano, kwamba hati ya shamba la kijijini upande wa Magu imetokana na mkataba wa kiwanja cha Buswelu, wilayani Ilemela. Mahali pa muhuri pameandikwa "Mwenyekiti wa Mtaa", cheo cha mjini, ilhali kijijini kuna wenyeviti wa kitongoji na wa kijiji. Ibara ya mipaka yasema kwamba upande wa kaskazini kuna barabara, na shamba lenyewe halipakani na barabara yoyote. Bei imeandikwa kwa tarakimu sawasawa, shilingi 6,500,000, lakini maneno yanayofuata yasema "milioni nne tu". Na ukijumlisha awamu mbili za malipo, 2,500,000 na 1,500,000, utapata milioni nne zile zile. Hapo ni bayana kwamba karani alibadilisha bei mahali pamoja na kuisahau mahali patatu, na siku ya ugomvi muuzaji na mnunuzi kila mmoja atakuwa na maandishi ya kumtetea.

Dalili ninayoiamini kuliko zote ni ya sarufi. Ikiwa katika hati ya awali wauzaji walikuwa mume na mke, na sasa muuzaji ni mmoja, utakuta sentensi kama "Muuzaji wanakiri kupokea": neno limebadilishwa, kitenzi kimebaki cha watu wawili. Penye kosa la namna hiyo, ibara yote ikaguliwe upya, kwa sababu ni hakika kwamba ilipitishwa mkono kwa haraka. Kadhalika namba ya kitambulisho cha taifa, yenye tarakimu 20, hujishuhudia yenyewe: tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Muuzaji akiwa mzee wa miaka sitini na namba yake ikaanza na 1994, hiyo ni namba ya mtu mwingine, ambaye siri yake imekwisha kutolewa kwa wageni pasipo idhini yake.

Ama kwa kutafuta ndani ya kompyuta, wengi hubonyeza `Ctrl+F` na kuandika jina la mteja wa zamani. Njia hii yafaa kwa karani mwenye kulijua jina hilo, na hata kwake ina upungufu: haioni jina lililoandikwa kwa herufi tofauti, wala lililo ndani ya picha ya muhuri, na maandishi ya juu na chini ya ukurasa huweza kupitwa, hivyo yafunguliwe na kusomwa kwa macho. Iliyo bora kwa tarakimu ni kuandika alama hii katika kisanduku cha kutafutia cha Word, ambayo husimama kwenye kila tarakimu iliyomo:

```
^#
```

Lakini mnunuzi hana faili, ana karatasi. Naye na aandike pembeni, kabla hajaisoma hati, kila jina, namba, tarehe, kipimo na kiasi anachokijua kuwa cha kweli. Kisha apitie hati kwa kalamu, akizungushia duara kila jina na kila tarakimu, na kulinganisha na orodha yake. Kisichokuwamo katika orodha ni cha mgeni hadi kithibitishwe. Kazi hii huchukua muda, na njia hii humfichua hata mgeni ambaye jina lake hujapata kulisikia, jambo ambalo kompyuta haiwezi kukufanyia.

Ukimwona mgeni huyo, usikubali kufutwa kwa wino na kuandikwa juu, kwani kesho hakuna atakayejua ni nani aliyefuta na lini. Dai hati ichapwe upya, nakala zote zilizokosewa zichanwe mbele ya pande zote mbili, na wala usitie saini wala kuhesabu fedha kabla ya hapo.