Barua Itakayosomwa Chini ya Mti

Juzi hapa Isiolo nilisikia barua ikisifiwa kwa adabu yake. Ilikuwa inapelekwa kwa wazee wa dedha, wasimamizi wa malisho, upande wa Garba Tula, na rasimu yake, iliyotoka Nairobi, ilikuwa kavu: "Mifugo yenu imeingia malisho ya kiangazi kinyume cha makubaliano. Iondoeni kabla ya Ijumaa, la sivyo hatutaleta mafuta ya jenereta ya kisima." Mrekebishaji akaongeza "wazee wetu wapendwa" na "tafadhali" mbili. Akapigiwa makofi. Iliniudhi, maana amri ilibaki palepale, na "la sivyo" palepale.

Adabu huanza kwenye salamu: iulize watu, mvua na malisho, kwa sentensi tatu, zisipungue. Idadi ya ng'ombe haiulizwi.

Lakini mwanagenzi wa kurekebisha barua hukosa hili daima: barua hiyo itasomwa kwa sauti. Kijana aliyesoma atasimama chini ya mti, aitie Kiborana sentensi baada ya sentensi, huku wazee, vijana wao na wageni wakisikiliza. "Yenu" na "iondoeni" zikitamkwa pale, mzee hawezi kukubali bila kuonekana ameamrishwa mbele ya wanawe. Atasema tu, "Tumesikia." Asiyejua huchukua hiyo kuwa ndiyo; wiki mbili baadaye ng'ombe wako kulekule.

Karani mmoja mzee, aliyekuwa akipiga taipu barazani mwa duka mjini hapa, hakuanza kwa kukuuliza unataka kusema nini. Aliuliza nani ataisoma, na nani atakuwa ameketi karibu. Kisha alikusomea rasimu akikutazama usoni. Ulipokunja uso, alifuta. Siku hizi wanaolipwa kwa kazi hii hunakili salamu moja kwa barua zote. Niliona moja ikiwapongeza wazee kwa mvua njema, katikati ya ukame.

Ile ya Garba Tula ningeiandika hivi, baada ya salamu: "Malisho ya kiangazi mliyoyatenga yameanza kuliwa mapema. Mafuta ya kisima, mifugo ikiendelea kunywa hapo, yatatosha hadi tarehe 15. Tungependa kuja kabla ya hapo, siku mtakayoichagua, tusikie shauri lenu." Kosa limetajwa bila mkosaji, na utaratibu umerudishwa kwa walioutunga. Muda haukufutwa, umehamia kwenye tangi. Siku wataichagua wao, na haitakuwa Ijumaa ya swala.

Lakini tarehe 15 iwe ya kweli. Mwendesha jenereta huwa amekaa palepale, na lita zilizobaki anazijua. Ukiongeza chumvi, atakuumbua kabla msomaji hajafika mwisho.

Na kama maji yamepimwa yakaonekana hayafai, acha kuzunguka. Salamu moja, kisha: "Maji ya kisima hiki yasinywewe."