Tapeli aliyeiga duka: alikopata wateja na alikokwama

Anayefungua akaunti bandia ya duka lako hahitaji nywila yako wala simu yako. Anachokitaka kiko wazi kwa kila mtu: picha, maelezo ya bidhaa, na, kilicho muhimu kuliko vyote, majina ya watu wanaotaka kununua leo. Majina hayo huyapata kwenye komenti. Mteja akiandika "bei gani?" chini ya picha yako, ameshatangaza kwamba ana haja na huenda ana pesa mkononi. Tapeli humfuata inboksi kabla wewe hujajibu.

Tufuate utapeli mmoja wa aina hii tangu mwanzo. Duka ni la kubuni, ila hatua zake ni zile zile zinazowapata wauzaji wa Instagram. Duka liko Kariakoo, linauza viatu vya watoto, na jina lake mtandaoni ni `mfano_viatu_tz`. Saa mbili usiku mama mmoja wa Dodoma anauliza bei ya jozi mbili. Muda mfupi baadaye anapata ujumbe kutoka `mfano_viatu__tz`. Nembo ni ile ile, picha ni zile zile. Anaambiwa jozi moja ni shilingi 35,000 kwa ofa ya usiku huo tu, wakati dukani ni 45,000. Anaomba Lipa Namba, anajibiwa kwamba mtandao wa Lipa Namba unasumbua, atume kwenye namba ya mhasibu. Anatuma 70,000. Asubuhi anaombwa 10,000 nyingine ya kusafirisha mzigo kwa basi, anatuma. Siku ya tatu anapiga simu dukani akiuliza mzigo wake uko wapi.

Kwa nini mwenye duka hakuona

Ukitazama tena majina yale mawili, utaona la bandia lina mistari miwili ya chini kabla ya `tz`. Instagram huruhusu herufi, tarakimu, nukta na mstari wa chini katika jina la akaunti, na hapo ndipo waigaji huchezea: nukta badala ya mstari, tarakimu 1 badala ya herufi l, au herufi r na n zilizobanana zikaonekana kama m. Jina kubwa linalosomeka juu ya maelezo ya akaunti halilindwi hata kidogo. Watu elfu wanaweza kuandika jina moja. Kwa hiyo anayelinganisha majina alinganishe lile la kiungo, herufi kwa herufi.

Mwenye duka, hata hivyo, hakupata nafasi ya kulinganisha. Jambo la kwanza afanyalo mwigaji ni kumzuia mwenye biashara halisi. Ukizuiwa, ukitafuta jina lile kwa akaunti yako huoni kitu, na ni rahisi kumjibu mteja kwamba akaunti hiyo haipo. Ipo. Itafute kwa simu ya ndugu au kwa akaunti nyingine ambayo tapeli haijui. Muuzaji mwenye kawaida ya kutafuta jina la duka lake kwa akaunti ya pili kila wiki huwaona waigaji kabla hawajapata mteja wa kwanza.

Ukishaipata, dalili ziko ndani yake. Gusa jina la akaunti, kisha `About this account`. Kwa akaunti nyingi utaona mwezi na mwaka ilipofunguliwa, na mara nyingine kama imewahi kubadili jina. Duka linalojidai lina miaka sita lakini akaunti yake ni ya mwezi uliopita limejianika lenyewe. Tarehe ya zamani peke yake haitoshi kuwa uthibitisho, kwa sababu matapeli hununua akaunti kuukuu. Akaunti ya 2016 iliyobadili jina mara kadhaa inatia shaka zaidi kuliko mpya. Tazama pia tarehe za picha. Mwigaji hupandisha picha kwa mkupuo, hamsini ndani ya siku mbili, na mara nyingi hufunga komenti ili aliyeibiwa asiwaonye wengine. Mwisho fungua sehemu ya picha ambazo wateja wameitaja akaunti hiyo. Picha za duka huigwa kwa dakika chache, lakini picha za mama wa Mwanza na baba wa Tanga waliopokea mizigo yao zinabaki kwenye kurasa za watu hao, na zinaelekeza kwenye akaunti ya kweli.

Hifadhi ushahidi kwanza, ripoti baadaye

Hapa ndipo wengi huharibu kesi yao. Wanaripoti kwa hasira, tapeli anashtuka, anabadili jina, na skrinishoti ya jina la zamani inabaki bila mwenyewe. Kabla ya kuripoti, mwombe mteja akutumie skrinishoti za mazungumzo yote, ujumbe wa muamala wenye namba ya kumbukumbu, na kiungo cha akaunti. Juu ya hapo nakili kiungo cha picha moja au mbili zilizopandishwa na mwigaji. Viungo hivyo huwa na sura hii:

```
https://www.instagram.com/p/MSIMBO/
```

Kiungo cha akaunti hufa jina linapobadilika. Msimbo wa picha haubadiliki, hivyo ukiufungua wiki ijayo, picha ikiwa bado ipo, utakupeleka kwenye akaunti ile ile hata kama sasa inajiita duka la vipodozi.

Kisha ripoti. Njia ya kwanza ni ile ya kuigwa: nukta tatu juu ya ukurasa, `Report`, halafu sababu inayosema akaunti inajifanya mtu au biashara nyingine. Mteja anaweza kuripoti hivyo, ila ripoti yenye uzito ni ya mwenye biashara mwenyewe, kupitia fomu ya Kituo cha Msaada, ambako unaweza kuombwa picha ya kitambulisho. Usipoteze usiku kuwahimiza wafuasi waripoti kwa pamoja. Instagram yenyewe inaeleza kwamba idadi ya ripoti siyo inayoamua kitu kiondolewe.

Njia ya pili ni hakimiliki, na mara nyingi huishika akaunti ambayo njia ya kwanza imeiachia. Picha uliyopiga wewe ni mali yako tangu ulipoipiga, bila kuisajili popote, na fomu ya hakimiliki inataka uonyeshe picha halisi na ile iliyoibwa. Lakini muuzaji aliyepakua picha kutoka kwa msambazaji wa Guangzhou hana haki ya kuzidai, kwa kuwa si zake. Kwa sababu hiyo peke yake inafaa kupiga picha zako mwenyewe, hata kwa simu, juu ya kaunta ya dukani. Fahamu pia kwamba jina na barua pepe ya mlalamikaji vinaweza kufikishwa kwa anayelalamikiwa. Tumia barua pepe ya biashara, siyo ile inayofungua akaunti zako. Njia ya tatu, alama ya biashara, inahitaji alama iliyosajiliwa. Kwa Tanzania Bara usajili huo uko BRELA, na kuwa na jina la biashara lililosajiliwa siyo sawa na kuwa na alama.

Baada ya kuripoti, jihadhari na wimbi la pili. Atakuja mtu anayedai anaweza "kuiangusha" akaunti ile kwa malipo, au ujumbe unaojifanya umetoka Instagram ukikutaka uthibitishe akaunti yako kwenye kiungo. Lengo la ujumbe huo ni nywila yako. Ukiitoa, tapeli haigi tena duka lako, analimiliki.

Pesa ina saa yake

Kufunga akaunti hakurudishi shilingi moja. Pesa inashughulikiwa na mteja mwenyewe kupitia mtandao wake wa simu, kwa sababu muamala ni wake. Duka haliwezi kumfanyia. Apige huduma kwa wateja, namba 100, dakika ile ile anapogundua, atoe namba ya kumbukumbu na aombe pesa izuiwe. Kwa Kenya, mtumiaji wa M-Pesa hutuma ujumbe wa muamala kwenda 456. Pesa ikishatolewa kwa wakala hakuna cha kuzuia, na tapeli hutoa haraka. Namba ya tapeli iripotiwe TCRA kupitia 15040.

Polisi kuna mashauri mawili. Mteja analalamikia pesa, duka linalalamikia jina lake, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza udanganyifu wa aina hii na pia kujifanya mtu mwingine. Kila mmoja achukue RB yake. Mpe mteja barua fupi inayosema akaunti ile si yenu na namba ile si yenu. Itamsaidia zaidi ya pole kumi.

Jina lililotokea kwenye muamala msilitangaze. Laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, lakini wapo watu waliowekeshwa kidole mara ya pili na msajili asiye mwaminifu, na laini ikauzwa. Mwenye jina lile anaweza kuwa ameibiwa kama mama wa Dodoma. Yeyote anaweza kupiga `*106#` aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Mahali asipoweza kuiga

Rudi kwenye mazungumzo yale. Mwigaji alikuwa na nembo, picha na jina, ila alipoombwa Lipa Namba alitafuta kisingizio. Lipa Namba huonyesha jina la biashara kabla mteja hajaingiza namba ya siri, na jina hilo huwekwa wakati wa usajili. Halibadilishwi kwa kubonyeza kitufe. Hapo ndipo anapokwama, na hapo ndipo duka lijenge ulinzi wake.

Tangazo la kawaida, "jihadharini na akaunti fulani", linaisha nguvu tapeli anapobadili jina kesho yake. Tangazo linalodumu ni hili, libandikwe juu ya ukurasa na atumiwe kila mteja anapoulizia malipo: "Tunapokea pesa kwa Lipa Namba moja tu. Jina litakalotokea ni la duka letu, herufi kwa herufi. Likitokea jina la mtu, usiweke namba ya siri. Hatuna namba ya mhasibu." Jibu bei hadharani pia, kwenye komenti, badala ya kumwambia kila mtu aje inboksi. Mteja aliyezoea kuambiwa "njoo inboksi" haoni ajabu inboksi inapomjia yenyewe.

Ulinzi huu una mpaka wake. Haumzuii mwigaji kufungua akaunti nyingine, na anayesajili Lipa Namba kwa jina linalokaribia lako atawapata wachache wasiosoma. Utajua unafanya kazi pale simu za "mzigo wangu uko wapi" kutoka kwa watu usiowafahamu zinapopungua, na zinapoanza kuja zile za kuuliza kabla ya kulipa: "Limetokea jina la mtu, ni lenu?" Simu ya namna hiyo ipokelewe upesi kuliko oda yoyote, kwa sababu pesa ya mteja bado iko mkononi mwake.