Dola sifuri, shilingi 260,000

Ni mwisho wa Aprili 2024. Kampuni moja ya Nairobi inayoagiza pampu za sola kutoka China inafungua ukurasa wa muuzaji wake kwenye leja ya wadai. Ukurasa una safu mbili za salio. Safu ya dola inasema sifuri, kwa kuwa ankara imeshalipwa yote. Safu ya shilingi inasema kampuni bado inadaiwa 260,000. Sasa deni lilikuwa la dola, na dola zimekwisha. Hizo shilingi anazidai nani?

Kampuni hii nimeitunga, na hesabu zake nimezitunga vilevile, ila viwango vya dola vinafuata kwa karibu vile vya kipindi chenyewe, vikiwa vimezungushwa kidogo. Kipindi nimekichagua makusudi. Shilingi ya Kenya ilishuka karibu mwaka mzima wa 2023, na Desemba ikafunga dola ikiwa takriban 156.5. Januari dola ikafika 160 na ushei. Februari 2024 serikali iliuza hati fungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili kununua sehemu kubwa ya ile iliyokuwa ikiiva Juni, hofu kwamba nchi itashindwa kulipa ikapungua, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 132. Mwenye deni la dola aliandika hasara mwaka mmoja na faida mwaka uliofuata, kwa ankara ileile.

Mzigo ulikuwa pampu 100 kwa dola 50,000. Katikati ya Septemba 2023 kampuni ilitanguliza dola 10,000 za kushikilia oda, benki ikaziuza kwa 147, yaani shilingi 1,470,000. Tarehe 20 Oktoba mzigo ukawa mali ya kampuni kwa masharti ya mkataba, dola ikiwa 150. Zikabaki dola 40,000 za kulipa baadaye, ambazo siku hiyo ni shilingi 6,000,000.

Hapa wahasibu wengi huzidisha dola zote 50,000 kwa 150, wakapata gharama ya 7,500,000, kisha wakatafuta pa kuiweka tofauti ya 30,000. Tofauti hiyo haipo. Pesa iliyotangulizwa haidai dola tena, inadai pampu. Muuzaji hatazirudisha zile dola 10,000, ataleta mzigo, kwa hiyo kupanda au kushuka kwa dola baada ya Septemba hakuigusi. Ufafanuzi wa IFRIC 22, unaotumika tangu 2018, unasema hivyo waziwazi: sehemu iliyotangulizwa inabaki na kiwango cha siku ilipotangulizwa. Gharama ya pampu basi ni 1,470,000 na 6,000,000, jumla 7,470,000, au shilingi 74,700 kwa pampu moja kabla ya usafirishaji na ushuru.

Hiyo 74,700 haibadiliki tena kwa sababu ya dola. Kinachobadilika ni deni. Mgawanyo huu ndio moyo wa IAS 21, kiwango cha kimataifa kinachosimamia hesabu hizi. Kitu kinachodai au kudaiwa idadi fulani ya dola, kama deni la muuzaji, pesa anayodaiwa mteja wa nje au salio la akaunti ya dola benki, hupimwa upya kila hesabu zinapofungwa. Kitu ambacho ni mali yenyewe, kama pampu zilizo ghalani au lori, hubaki na kiwango cha siku kilipoingia vitabuni.

Tarehe 31 Desemba 2023 dola 40,000 zikapigwa kwa 156.5, zikatoa 6,260,000. Deni lilikuwa limeandikwa 6,000,000. Ingizo ni debiti hasara ya ubadilishaji wa fedha 260,000, krediti wadai 260,000, na hasara inakwenda moja kwa moja kwenye taarifa ya faida na hasara ya 2023 ingawa hakuna shilingi iliyotoka benki.

Kwa meneja ambaye mwaka umemwendea vibaya, kishawishi ni kuiongeza hasara hiyo kwenye gharama ya pampu, kwa hoja kwamba bila pampu lisingekuwapo deni. Tuseme pampu 60 zilikuwa zimeuzwa na 40 zikabaki ghalani. Ukizigawia pampu 100 ile 260,000, kila moja inabeba 2,600 za ziada, na zile 40 zinabaki na 104,000 ambazo zilipaswa kuwa hasara ya mwaka. Mali imevimbishwa, faida imevimbishwa. Mkaguzi wa hesabu hulinasa kosa hili kwa njia nyepesi sana: anachukua ankara, anaipiga kwa viwango vya siku zake, anagawanya kwa idadi. Kadi ya stoo ikisema 77,300 badala ya 74,700, ameshajua.

Tarehe 28 Machi 2024 kampuni ikalipa. Benki iliiuzia dola kwa 133, shilingi moja juu ya wastani uliotangazwa, kwa hiyo zilitoka 5,320,000. Kwa malipo, mimi huchukua kile kilichotoka kweli kwenye taarifa ya benki, kwa sababu hizo ndizo shilingi zilizomaliza deni. Kwa kufunga mwaka, kampuni nyingi hutumia wastani wa Benki Kuu ya Kenya, na haina ubaya mradi wastani huo uwe bei ambayo dola zingepatikana kwayo kweli. Mwanzoni mwa 2023 haikuwa hivyo. Wastani uliotangazwa na bei iliyotajwa na mabenki kwa mteja viliachana sana, na aliyefuata tangazo alikuwa akipima deni kwa bei ambayo asingeipata dirishani.

Deni lilikuwa 6,260,000 vitabuni na likamalizwa kwa 5,320,000. Faida ya 2024 ni 940,000. Ukiitazama safari nzima, kutoka 6,000,000 ya Oktoba hadi 5,320,000 ya Machi, kampuni ilipata 680,000. Hasara ya 260,000 mwaka 2023 na faida ya 940,000 mwaka 2024 zinaleta 680,000 ileile, ila zimegawanywa kwa mujibu wa mwaka ambao dola ilisogea.

Turudi kwenye zile 260,000 za leja. Mhasibu aliyeandika malipo alifungua ankara ya Oktoba, akaona 6,000,000, akatoa 5,320,000 na kuandika faida ya 680,000. Ingizo lake lilipunguza deni kwa 6,000,000, wakati leja ilikuwa imebeba 6,260,000 tangu Desemba. Zilizobaki ndizo zile. Kwa maneno mengine, hasara ya mwaka jana ilihesabiwa, kisha hesabu ya faida ikaanzia tena Oktoba kama kwamba Desemba haikuwahi kupita. Faida ya 2024 imepungukiwa 260,000 na deni hewa limebaki.

Hata hivyo mhasibu huyo huenda alifanya kama alivyofundishwa. Ziko njia mbili za kufika 940,000, na zote ni sahihi. Ya kwanza ni kuliacha deni kwenye 6,260,000 na kulinganisha malipo na kiasi hicho. Ya pili, ambayo programu nyingi za hesabu huifanya zenyewe, ni kuligeuza ingizo la Desemba tarehe 1 Januari: deni linarudi 6,000,000, na 260,000 zinaingia upande wa faida wa mwaka mpya. Hapo malipo yanalinganishwa na 6,000,000, faida inakuwa 680,000, na ukijumlisha 260,000 za Januari unapata 940,000 tena.

Balaa ni kuchanganya. Mhasibu wetu alitumia hesabu ya njia ya pili kwenye leja ambayo haikugeuzwa. Angefanya kinyume, leja igeuzwe na yeye aandike faida ya 940,000, ukurasa ungebaki na debiti ya 260,000, kana kwamba muuzaji ndiye anayedaiwa, na faida ingezidi kwa kiasi hichohicho. Kwa hiyo, ikiwa upimaji wa Desemba ulilipandisha deni kama hapa, upande wa salio unakuambia ni kosa lipi: krediti ikibaki, mtu amesahau kwamba deni lilipimwa upya, debiti ikibaki, amesahau kwamba upimaji ule ulishageuzwa. Kila mwezi, kabla ya kitu kingine, toa orodha ya wauzaji wote ambao dola zao ni sifuri na shilingi zao si sifuri. Kazi ya dakika kumi. Nimeona timu zikizunguka wiki nzima na makaratasi kwa sababu hawakuanzia hapo.

Kuna mkurugenzi ambaye hatakubali. Hesabu za 2023 zinatiwa saini Aprili 2024, deni limeshalipwa kwa 5,320,000, na mizania inaonyesha 6,260,000. Anauliza, na swali lake si la kijinga, mbona tunaandika kitu tunachojua hakikuwa. Jibu ni kwamba kilikuwa. Usiku wa 31 Desemba kumaliza deni lile kungegharimu kiasi hicho. Kilichoshusha dola kilitokea Februari, nacho ni habari ya mwaka mwingine. IAS 10 inakataza kurekebisha takwimu za Desemba kwa sababu hiyo, lakini inataka mabadiliko makubwa yasiyo ya kawaida ya viwango vya fedha baada ya kufunga mwaka yaelezwe kwenye maelezo ya hesabu. Kushuka kwa dola kwa shilingi 24 ndani ya miezi mitatu kunastahili aya moja, ikiwa madeni ya dola ni mazito kwa kampuni hiyo.

Mamlaka ya mapato nayo ina saa yake. Kifungu cha 4A cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya kinaitambua faida au hasara ya ubadilishaji inapokuwa imetimia, si inapopimwa kwenye karatasi. Zile 260,000 za Desemba basi hazipunguzi kodi ya 2023. Zinarudishwa kwenye hesabu ya kodi, na kwa kiwango cha asilimia 30 kampuni inaandika kodi iliyoahirishwa ya 78,000. Mwaka 2024 kinachotozwa kodi ni 680,000, si 940,000, na zile 78,000 zinafutwa. Ndiyo maana napendelea akaunti mbili tofauti, moja ya tofauti zilizotimia na moja ya zisizotimia. Ukizichanganya, anayeandaa kodi atalazimika kuchambua ankara moja moja.

Kwa kampuni yetu, taarifa ya muuzaji wa China iliyotumwa Aprili inaonyesha salio la dola sifuri, kwa hiyo hakuna ankara iliyosahaulika. Programu haikugeuza lile ingizo tarehe 1 Januari. Marekebisho ni mstari mmoja: debiti wadai 260,000, krediti faida ya ubadilishaji wa fedha 260,000, tarehe 28 Machi 2024. Kwa upande wa kodi, mstari huo hauongezi chochote juu ya zile 680,000.