Arifa Inapolia, Uliza Hisa Ngapi Zimeuzwa

Mtu wa Likoni au Changamwe anayefuatilia Soko la Hisa la Nairobi kwa simu huweka arifa ya kumwamsha bei inapovunja dari, yaani kile kiwango ambacho hisa imekigonga mara kadhaa ikarudi chini. Arifa hiyo inajua jambo moja tu, kwamba bei imepita. Haijui kama walioisukuma ni wanunuzi wengi au ni mtu mmoja aliyenunua hisa chache siku ambayo soko limelala. Joseph Granville, Mmarekani aliyeeneza hesabu ya OBV kwa kitabu chake cha 1963, alitaka kuziba pengo hilo. Naipenda hesabu hii, na sababu yangu si ile inayosemwa sana: kazi yake bora ni kuipinga arifa, si kuiunga mkono.

Hesabu yenyewe yafanyika kwa kalamu. Kila mshumaa wa siku una bei ya kufungia na idadi ya hisa zilizouzwa. Bei ikifunga juu ya jana, jumlisha idadi yote. Ikifunga chini, toa yote. Ikilingana, acha jumla ilivyo. Tuchukue hisa ya kubuni yenye dari ya shilingi 20, tukianza na sifuri Jumatatu ilipofunga 19.50. Jumanne inafunga 19.80 kwa hisa 300,000, jumla inakuwa 300,000. Jumatano inashuka hadi 19.60 kwa 500,000, jumla inaanguka chini ya sifuri kwa 200,000. Alhamisi 19.95 kwa 200,000, tumerudi sifuri. Ijumaa 19.70 kwa 400,000, tuko chini kwa 400,000. Jumatatu ya pili bei inafunga 20.10 kwa hisa 250,000, na arifa inalia. Bei imefika juu kuliko siku zote hizo, lakini jumla ingali chini ya sifuri kwa 150,000, mbali na kilele cha Jumanne. Siku za kushuka zimebeba hisa nyingi kuliko siku za kupanda. Ili OBV ikivuke kilele chake pamoja na bei, siku hiyo ilihitaji zaidi ya hisa 700,000. Sifuri tuliyoanzia haina maana yoyote. Kinachosomwa ni kilele kwa kilele.

Hapo ndipo naona tofauti ya uzito. Uthibitisho ungeweza kuletwa na siku moja, hata na mauzo makubwa ya mara moja kati ya taasisi mbili. Upinzani ule umejengwa na siku kadhaa za watu kuuza, na si rahisi mtu mmoja kuupanga. Lakini hausemi kwamba bei itaanguka. Unasema tu kwamba mvunjo huu haujapata watu nyuma yake, kwa hiyo asubiri mwenye fedha.

Na asisome mshumaa ambao haujafunga. Tuseme ile Jumatatu saa tano asubuhi bei ni 20.05 na zimeuzwa hisa 120,000: skrini inaonyesha OBV ikipanda. Soko likifunga saa tisa alasiri kwa 19.65 na hisa 600,000, mzigo wote unageuka alama, pamoja na zile 120,000 zilizonunuliwa juu. Arifa ya bei ya kugusa na OBV ya bei ya kufungia hazizungumzii saa moja; ni vizuri arifa nayo iwekwe kwenye bei ya kufungia.

Wapo watakaosema kwamba kuipa siku nzima upande mmoja kwa tofauti ya senti tano ni ukatili. Ni kweli, na kwa hisa inayouzwa kila siku kwa wingi, kama Safaricom, siku nyingi hupunguza makosa hayo. Kwa hisa zinazolala hayapungui. Pingamizi zito zaidi liko Kisauni kwenyewe, kwa Bamburi Cement. Julai 2024 Amsons ya Tanzania ilitangaza kuinunua kwa shilingi 65 kwa hisa, wakati sokoni ilikuwa karibu 45. Bei iliruka kwa sababu ya tangazo, na dari mpya ikawa ile bei ya ofa. Hapo OBV haikuwa na la kuongeza: aliyetaka kujua kama bei ingepita 65 alipaswa kusoma barua za wanunuzi, maana Savannah Clinker nayo iliingia na ofa ya juu zaidi kabla ya kujitoa. Tena Holcim ilikuwa imeshika zaidi ya nusu ya hisa za Bamburi, hivyo zilizozunguka sokoni zilikuwa sehemu tu. Na iwapo fungu kubwa kama hilo litahesabiwa ndani ya mshumaa wa siku moja, jumla itaruka na kubaki juu bila mnunuzi wa kawaida hata mmoja kuongezeka.

Basi kabla ya kuiamini OBV ya hisa yoyote, pitia mishumaa yake ya miezi mitatu. Ukikuta siku zisizo na mauzo, au siku moja iliyozidi zote nyingine zikijumlishwa, iondoe OBV kwenye uamuzi wako.